Nafasi za aya zisizolingana kwa sababu ya kugonga enta: tupeane uzoefu

Dada wa Steshenari

Wadau, salamu. Nina steshenari jirani na chuo, na kila siku kuna mtu anayekuja na flashi akisema "dada, niprintie tu, kila kitu kipo sawa". Nikifungua faili, aya mbili za kwanza zimeachana kidole kimoja, zinazofuata vidole vitatu, na kichwa cha habari kimebaki chini kabisa ya ukurasa peke yake. Enta imegongwa mpaka macho yakaridhika.

Iliyonifanya nianzishe mada ni katiba ya kikundi cha kukopeshana niliyoletewa juzi. Mwandishi alitaka Ibara ya Saba ianze ukurasa mpya, akaisukuma kwa enta mpaka ikafika. Kwenye kompyuta yake ilikaa vizuri. Kwangu ile fonti yake haipo, Word ikaweka nyingine, mistari ikajipanga upya, na Ibara ya Saba ikaangukia katikati ya ukurasa, juu yake pengo la kiganja kizima. Katibu wa kikundi akaniambia mashine yangu mbovu.

Haya, tupeane uzoefu. Umekutana nayo wapi, na ulitokaje?

Mtoto wa Msamvu

Mbona rahisi dada. Bonyeza Ctrl+A, nenda kwenye line spacing, weka 1.5. Ripoti yangu ya fildi niliifanya hivyo na msimamizi hakusema kitu.

Mwalimu Kibodi

Mtoto wa Msamvu, umegusa mlango wa jirani. Hiyo 1.5 inapanua mistari yote, pamoja na ile mistari mitupu. Waraka wenye mapengo yasiyolingana utabaki hivyo hivyo, ila mapengo yatakuwa makubwa zaidi. Msimamizi wako labda alikuwa anaangalia hoja tu.

Nafundisha kompyuta, na somo hili huwa naanza kwa kuwaambia wanafunzi wabonyeze Ctrl+Shift+8, au ile alama ya ¶ pale Home. Hapo kila enta inaonekana. Wengi hushtuka kuona kwamba ule mstari mtupu ni aya kamili. Una fonti yake, ukubwa wake na nafasi zake. Mapengo hayalingani kwa sababu hiyo. Aya tupu iliyobaki chini ya kichwa inaweza kuwa na herufi za ukubwa wa 18 wakati iliyo katikati ya maelezo ni 11. Umegonga enta moja pote, lakini moja ni ndefu kuliko nyingine.

Kuna la pili. Word tangu toleo la 2013 inakuja na pointi 8 za nafasi chini ya kila aya, bila wewe kuziomba. Ukitumia Calibri 11 na ukagonga enta ya ziada, unapata zile 8 za aya ya juu, halafu urefu wa mstari mtupu, halafu 8 nyingine za huo mstari mtupu. Jumla ni kama pointi 30, zaidi ya sentimita moja. Mtu anaona pengo limezidi, sehemu inayofuata hagongi enta ya ziada. Basi waraka mmoja unakuwa na mapengo ya pointi 8 na ya pointi 30 yakipishana.

Bint Pangani

Mwalimu asante. Sasa hiyo katiba ya dada inasafishwaje? Maana nina kumbukumbu za vikao vya kamati yetu, ziko hivyo hivyo, na kufuta moja moja nimechoka.

Mwalimu Kibodi

Usifute moja moja. Hifadhi nakala kwanza, kisha bonyeza Ctrl+H. Sehemu ya Find what na Replace with andika hivi:

```
Find what:     ^p^p
Replace with:  ^p
```

Bonyeza Replace All, halafu rudia. Kila duru inapunguza, kwa sababu enta sita haziishi kwa mkupuo mmoja. Unaacha ikisema imebadilisha 0. Ikiganda kwenye 1 na haishuki, usihangaike: mara nyingi ni aya tupu ya mwisho kabisa wa waraka, ile Word haikubali kuiondoa kwa njia hii. Ifute kwa mkono.

Kuna wajanja wa kuponyoka. Mtu akigonga enta, akapiga spesi, akagonga enta tena, ule mstari kwa macho ni mtupu lakini ndani yake kuna spesi, na ^p^p inaupita. Ukiwasha ¶ utaona kinukta kidogo kabla ya alama. Kwa hao anza kwa kutafuta spesi ikifuatiwa na ^p, weka ^p peke yake, rudia mpaka ziishe, ndipo urudi kwenye ^p^p.

Baada ya hapo waraka utabanana, usiogope. Sasa ndiyo unaweka nafasi ya kweli. Pale Home kwenye Styles, bonyeza Normal kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Modify, Format, Paragraph. Kwenye After weka 8 au 10, upendavyo. Aya zote zinazotumia Normal zitafuata kwa pamoja. Zikibaki chache zenye ukaidi, hizo zimebeba mpangilio wa kule zilikokopiwa. Ziteue, bonyeza Ctrl+Q, zinarudi kwenye mstari.

Ibara ya Saba ya dada: weka kishale mwanzoni mwake, bonyeza Ctrl+Enter. Au kama unataka kila ibara ianze ukurasa wake, kwenye Paragraph, kichupo cha Line and Page Breaks, weka tiki Page break before. Fonti ibadilike, karatasi ibadilike, itaanza ukurasa mpya tu. Hapo hapo kuna Keep with next, ndiyo inayozuia kichwa kuachwa chini ya ukurasa peke yake.

Mzee wa Barua

Mimi nina shida hiyo hiyo ya nafasi. Naandika barua za ofisi, natumia ile ya kunyoosha pande zote mbili. Mstari wa mwisho wa aya maneno yanaachana mno, "Napenda      kukujulisha      kwamba" utadhani yamegombana. Nimefuta enta zote lakini wapi.

Mwalimu Kibodi

Mzee shikamoo. Yako ni nafasi za maneno, siyo za aya, ila mhalifu ni jamaa wa karibu wa enta. Washa ¶ uangalie mwisho wa mstari huo. Ukiona kishale kilichopinda kuelekea kushoto badala ya ¶, mtu alibonyeza Shift+Enter. Huo ni mkato wa mstari, aya haijaisha. Word inaona bado tupo katikati ya aya, inanyoosha mstari ufike ukingoni. Futa kishale, gonga enta ya kawaida, maneno yatarudiana.

Mzee wa Barua

Marahaba mwanangu. Kishale nimekiona. Kumbe kipo kwenye barua zote, nilirithi faili la aliyestaafu.

Sikio la Kibodi

Niwape upande mwingine. Mimi sioni, natumia kisomaji cha NVDA kusomewa skrini. Nikishuka kwa mshale kwenye waraka wa enta, kila mstari mtupu kinasema "blank". Nilitumiwa tangazo la kazi ambalo kati ya sifa za mwombaji na anwani kulikuwa na "blank, blank, blank" mpaka nikadhani tangazo limeisha, nikafunga. Anwani ilikuwa chini ya hapo. Nafasi ikiwekwa kwa After, hakisemi kitu, kinapita moja kwa moja kwenye aya inayofuata.

Dada wa Steshenari

Hilo sikulijua kabisa. Ahsante ndugu.

Mwalimu, katiba imesafishika, ila kuna kipande kimoja kimenishinda. Orodha ya wajibu wa wanachama, naweka After 10, hakuna kinachosogea. Naweka 20, kimya.

Mwalimu Kibodi

Rudi kwenye Paragraph, chini ya zile Before na After kuna kisanduku: Don't add space between paragraphs of the same style. Kwenye orodha za Word huwa kimetikiwa tayari. Maana yake aya za mtindo mmoja zikifuatana, nafasi kati yao haihesabiwi. Ondoa tiki. Watu wengi hapa ndipo hukata tamaa na kurudi kwenye enta, na kwenye orodha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu enta mbili zinakata orodha na namba zinaweza kuanza upya.

Nyerere Road

Mimi natumia LibreOffice, hiyo ^p haifanyi kazi. Nilihangaika.

Bint Pangani

Kaka, kule ni tofauti. Fungua Ctrl+H, kwenye Other options tikia Regular expressions, Find weka `^$`, Replace acha wazi. Aya tupu zinaondoka zote kwa mara moja, hazihitaji kurudia. Alama zinaonekana kwa Ctrl+F10. Nilifundishwa na binamu yangu, kwenye Word ndiyo nilikuwa sijui.

Mtoto wa Msamvu

Sawa mwalimu, nimekubali ya line spacing. Lakini barua ya kuomba kazi je? Pale kwenye "Wako mtiifu" lazima nigonge enta nne nipate mahali pa kusaini. Hamtaniambia sahihi nayo ina setingi.

Mwalimu Kibodi

Inayo. Weka kishale kwenye jina lako, nenda Layout, Spacing, Before andika 48 pt. Ni kama sentimita 1.7, sahihi ya kawaida inaingia. Kwenye aya hiyo ya "Wako mtiifu" weka na Keep with next, jina lisije likaruka ukurasa wa pili peke yake.

Mzee wa Barua

Hapo mwanangu tutapishana. Barua ni ukurasa mmoja, inaandikwa mara moja, inasainiwa, inaingia kwenye jalada. Enta nne zinamdhuru nani? Katiba sawa, tasnifu sawa. Barua, acha watu wagonge.

Mwalimu Kibodi

Mzee, barua haiandikwi mara moja. Wewe mwenyewe umerithi faili la mstaafu. Ukiongeza mistari miwili kwenye aya ya katikati, zile enta nne zinafika mwisho wa ukurasa, mbili zinabaki huku, mbili zinavuka na jina. After ikikutana na mwisho wa ukurasa inamezwa. Enta haimezwi, inahamia ng'ambo na pengo lake.

Mzee wa Barua

Ikivuka nafuta enta moja, inarudi. Nimefanya hivyo tangu tulipotoka kwenye taipureta, na pale nafasi ulikuwa unaipata kwa kusukuma roli mstari mmoja mmoja. Mkono umezoea.

Sikio la Kibodi

Mimi nipo na mwalimu, kwa sababu zangu. Ila nne za sahihi navumilia, mzee. Za tangazo la kazi hapana.

Dada wa Steshenari

Kwa mteja wa barua mimi nagonga, sina muda. Kwa katiba nimeshaanza kutoza elfu mbili za kusafisha kabla ya kuprinti. Kuna mwenye njia ya kwenye simu? Nusu ya faili zinakuja kwa WhatsApp zikiwa zimeandikwa kwenye WPS, na pale sijaona wapi pa kuweka ^p.