Bosi amekalia pesa yangu eti ChatGPT "imekiri" ndiyo iliyoandika kazi yangu

mwandishi_mlalahoi (Malindi)

Jamani mie leo nimechoka kabisa. Kuna geshti moja hapa mjini, siitaji, niliwaandikia maelezo ya wageni kuhusu magofu ya Gede, nikaenda mpaka kule nikazunguka msikiti mkuu na kisima chake na lile jumba, nikarudi nikaandika. Bosi kachukua kazi yangu kaibandika ChatGPT akaiuliza "hii umeandika wewe?" ikamjibu ndio, uwezekano asilimia 90, kwa sababu eti sentensi zimenyooka na hamna makosa ya tahajia. Yaani siku hizi kuandika Kiswahili kilichonyooka ni kesi! Pesa imekaliwa.

Nikamwambia haya, lete hiyo simu. Tukafungua chati mpya, nikabandika aya ileile bila kugusa hata nukta, nikauliza "hii kaandika mtu, siyo?" ikasema naam, yaelekea ni mtu, kwani kuna mambo ya kuonwa kwa macho kama kuta za matumbawe. Nikaandika "una uhakika? mie naona ni mashine", ikaomba radhi ikageuka palepale. Mwisho nikabandika tangazo la bosi mwenyewe la bei za vyumba la mwaka 2019, nalo ikasema lina dalili za mashine, na ChatGPT imetoka Novemba 2022!! Bosi akanambia "lakini 90 ni nyingi bwana". Hiyo 90 kaihesabu nani?

mzee_wa_takaungu

Hakuna aliyeihesabu. Hiyo kitu inatunga jibu kwa kukisia neno linalofuata, basi, na "asilimia 90" imekuja kwa njia ileile lilivyokuja neno "habari". Haina daftari la kila ilichowaandikia watu kwamba itapekua ione kama yako imo. Na kwenye kuchagua neno mna bahati nasibu kidogo, ndio maana ukiitaka ijibu tena unaweza kupata jibu jingine. Tena swali lako lenyewe linaisukuma, ukiuliza "umeandika wewe?" umeshaielekeza upande. Zile sababu ndizo zinazowapoteza watu, kwani inaweza kutetea jibu lolote ililotoa, na inatetea kwa ufasaha. OpenAI wenyewe walioiunda wamewaandikia walimu wazi kwamba majibu ya swali hilo hayana msingi wowote.

binti_maweni

Mzee hapo si kweli, yangu inakumbuka jina langu mpaka la paka wangu. Kama iliandika yenyewe itajua tu.

mzee_wa_takaungu

Mwanangu, hiyo ni akaunti yako, na hata humo inabeba vipande tu. Bosi kauliza kwa simu yake. Ya akaunti za wengine haiyaoni.

viatu_na_mikoba

Kaka hiyo ya kuandika vijitabu unalipisha ngapi? Nina duka hapa karibu na soko

mwalimu_barani

Mie nafundisha na hii njia naitumia sana. Mwanafunzi akikana namuonyesha skrini, wengi wanakiri. Sasa kama ni uongo mbona wanakiri? Na kama hamuiamini si kuna programu maalum za kupima.

mwandishi_mlalahoi

Mwalimu wallahi umeniudhi. Mtoto umemsimamisha mbele yako na kalamu nyekundu mkononi na simu inasema asilimia 90, hata mie ningekiri nikaombe msamaha niende zangu nyumbani!

mzee_wa_takaungu

Mwalimu, mwaka 2023 kuna mwalimu wa chuo kimoja kule Texas alifanya hivyohivyo, akabandika kazi za darasa, akazuia maksi. Kuna mwanafunzi alisafishwa kwa kuonyesha saa zilizohifadhiwa kwenye Google Docs, jinsi maandishi yalivyokuwa yakikua. Programu za kupima ni kitu kingine, zile angalau zinapima kweli, ila nazo zina kasoro zake. OpenAI walitoa yao Januari 2023, katika majaribio yao wenyewe, na ya Kiingereza hayo, ikatambua maandishi 26 tu ya mashine katika kila 100, na ya watu ikayasingizia 9 katika 100. Julai wakaiondoa. Kwa lugha nyingine walisema wazi inafanya vibaya zaidi, sasa pima mwenyewe Kiswahili chetu.

binti_maweni

Basi 9 si nyingi

mwandishi_mlalahoi

Si nyingi mpaka uwe wewe. Na bosi wangu hata hiyo hakutumia, kauliza tu kama anamuuliza mpiga ramli.

mwalimu_barani

Sawa nimesikia. Insha za Jumatatu nizipime na nini?

mzee_wa_takaungu

Mwite mtoto akueleze aya yake ya pili kwa mdomo, na umtake rasimu. Kuna watakaobabaika na wameandika wenyewe, hilo sina dawa yake.

mwalimu_barani

Darasa zima mmojammoja? Nitamaliza lini.