Nimelipa 90,000 kunyonyewa chemba ya mafuta, wameniachia mafuta yote na maji machafu yamefurika kwa jirani

MamaSombe_Mwanga

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nina mgahawa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nyumba zimebanana, ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa bafu la jirani. Tunapika wali, ugali, sombe, maharage na mgebuka wa kukaanga, na karibu kila sufuria inaguswa na mawese. Maji ya kuoshea vyombo yanapita kwenye chemba ya mafuta, yanatoka kwenda chemba ndogo, halafu yanaingia kwenye shimo la kunywea ambalo maji ya bafu la jirani nayo yanaingia humo humo. Mwenye nyumba wetu ni mmoja.

Alhamisi nimeita gari la maji taka. Wamekuja vijana wawili saa tano, wakati wateja wa mchana wanaanza kuingia. Wametumbukiza mpira, mashine imenguruma dakika kama kumi na tano. Mmoja akaja jikoni kuomba maji ya moto na sabuni ya maji, eti mafuta yameganda, wayalainishe. Nikampa sufuria mbili zinazochemka na chupa nzima ya sabuni. Wakamwaga, wakafunika, wakachukua 90,000 yangu wakaondoka. Risiti hawakunipa.

Jumamosi alfajiri jirani, mzee wa watu, ameamka maji yamejaa bafuni mpaka kizingitini. Maji yenye utando wa manjano, yananuka samaki. Wajukuu zake wanaoga humo! Ameniita mbele ya mtaa mzima akaniambia ninamlisha uchafu. Nimeshindwa kumjibu. Nimefungua chemba yangu nimekuta tabaka la mafuta limekaa juu kama halijawahi kuguswa.

Nimewapigia simu. Wananiambia, "Mama, chemba tulisafisha, hayo ni mafuta mapya." Ya siku mbili? Naomba anayejua kazi hii aniambie kama inawezekana, kwa sababu nataka hela yangu na nataka nijue nimwambie nini mzee.

Kijana_wa_Gungu

Pole mama. Shida ya Mwanga ni taka, watu wanatupa maganda na mifuko mtaroni kisha wanalalamika. Ofisi ya mtaa ipange siku ya kuzoa.

MamaSombe_Mwanga

Kaka, soma vizuri. Sijazungumzia taka za mtaroni. Makombo yangu yanakusanywa kwenye ndoo yenye mfuniko na anakuja mfugaji kuyachukua kila jioni. Nazungumzia mafuta ndani ya chemba.

FundiMabomba_KG

Dada, nimejenga chemba hizi miaka mingi, hebu nisaidie vitu vitatu. Chemba ina vipimo gani kwa ndani? Tabaka la mafuta lina unene gani leo? Na ukifungua ile chemba ndogo inayofuata, unaona nini?

Usikisie unene kwa macho. Chukua mti mrefu, gongomelea kipande kidogo cha ubao mwishoni ukae kama mguu. Upenyeze chini ya mafuta, uuzungushe, uuinue taratibu. Ukisikia umekwama, hapo ndipo mafuta yanapoishia, weka alama. Kwa tope la chini, funga kitambaa cheupe kwenye mti mwingine, ushushe mpaka sakafuni, uuache kidogo. Kitambaa kitakuonyesha tope limefika wapi.

MsafiWaUjiji

Usihangaike na mti dada. Nunua kostiki soda, mwaga usiku, asubuhi mafuta yote yamekuwa sabuni yameondoka. Huku kwetu watu wanatengeneza sabuni za mawese kwa njia hiyo hiyo.

FundiMabomba_KG

Ndugu yangu, kwenye sabuni hujakosea, mawese na kostiki vinatoa sabuni kweli. Lakini hapo unapika kwa vipimo na unakoroga. Ndani ya chemba una maji baridi, mizoga ya samaki na mafuta yaliyooza. Kidogo kitageuka sabuni, kingine kitalainika tu, kisha vyote vitasafiri na maji kwenda shimoni, na huko vitaganda upya. Halafu kesho kuna mtu atatumbukiza mkono mle ndani akitafuta kilichoziba. Ile kitu inababua ngozi. Dada, usimwage.

MamaSombe_Mwanga

Nimepima, mtoto wangu amenisaidia. Ndani chemba ina urefu wa sentimita 120, upana 60, na kina cha maji ni 80. Mafuta juu ni sentimita 13. Tope chini ni 9. Kwenye chemba ndogo kuna mabonge ya manjano yanaelea, mengine makubwa kama ngumi.

Kuna jambo jingine. Ndani ya chemba kubwa, bomba la kutokea nimeliona mdomo wake upo wazi kabisa ukutani. Zamani lilikuwa na kipande kinashuka chini. Hicho kipande nimekikuta chini kwenye tope, kimevunjika.

FundiMabomba_KG

Basi ugonjwa ni huo, na jibu la simu yao si la kweli.

Jumlisha 13 na 9, unapata 22. Chemba ya kina cha 80 tunaiosha mafuta na tope vikifika robo, yaani sentimita 20. Wewe umepita robo siku mbili baada ya "kusafishwa". Kwa eneo la chemba yako, sentimita 22 ni kama lita 158, karibu ndoo nane za lita ishirini. Mgahawa wako hauwezi kumwaga ndoo nane za mafuta na tope kwa siku mbili. Walichofanya ni kunyonya maji ya katikati, kwa sababu ndiyo yanayopita kwenye mpira bila taabu. Mawese yakishaganda mpira hauyavuti. Inabidi uyakate kwa chepe, uyachote kwa ndoo kwanza, kisha unyonye maji, kisha ukwangue kuta na kuzoa tope. Hiyo ni kazi ya saa moja au zaidi, na mikono inachafuka, ndiyo maana wanaikwepa.

Maji ya moto na sabuni yamekuharibia zaidi. Chemba inakamata mafuta kwa sababu maji yanatulia, yanapoa, mafuta yanapanda. Ukiyayeyusha na kuyavuruga kwa sabuni hayapandi tena, yanapita. Yakifika shimoni kwenye ubaridi yanaganda kwenye mawe na udongo, na shimo linaacha kunywa. Kwa mawese ni mabaya zaidi kuliko alizeti, maana alizeti hubaki maji maji.

Na hicho kipande kilichovunjika ni tii. Mguu wake ulikuwa unateka maji katikati, chini ya mafuta na juu ya tope. Sasa bomba linateka pale pale mafuta yanapoelea. Kwa hiyo tangu Alhamisi chemba yako ni kama haipo. Leo usioshe chombo chenye mafuta mpaka tii irudi.

MamaSombe_Mwanga

Mungu wangu. Nimelia kidogo hapa. Na mimi ndiye niliyewapa maji ya moto kwa mkono wangu.

Fundi, mzee ana mjukuu wa miaka kumi na saba, amesema kesho atashuka shimoni kukwangua hayo mafuta.

FundiMabomba_KG

ASISHUKE. Mkimbilieni sasa hivi mwambieni. Mle kuna hewa ya uozo, ile inayonuka yai viza. Ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, mtu anadhani imeisha, na pumzi chache zinatosha kumwangusha. Anayeruka kumwokoa anafia hapo hapo. Hata chemba yako fanyeni kazi mkiwa juu, kwa chepe ya mpini mrefu.

Mpangaji_Katubuka

Samahani nichomekee. Nina nyumba ya wageni, fundi wangu aliunganisha choo na jiko kwenye chemba moja ya mafuta ili kuokoa gharama. Inajaa kila mwezi. Ni kawaida?

FundiMabomba_KG

Si kawaida, kaka. Choo hakiingii humo kabisa. Fungua uzi wako nitakuja, huku tumalize ya dada.

MamaSombe_Mwanga

Kijana amezuiwa, bibi yake amemshika. Asante sana.

Tangu asubuhi tumechota. Ndoo saba na nusu, nimezihesabu mwenyewe moja moja. Tii nimenunua ya inchi nne, fundi wa mtaani ameifunga, mguu umeishia sentimita 35 kutoka sakafuni. Naanza kuosha?

FundiMabomba_KG

Jaza chemba maji safi kwanza, mpaka yaanze kutoka kwenye bomba. Ikiwa tupu, mafuta ya kwanza yatafika chini na kunaswa na mguu wa tii kabla hayajapanda. Watu wengi wanasahau hapo.

Na jikoni, sufuria la mawese lipanguswe kwa karatasi au kipande cha gazeti kabla halijagusa maji. Sinki liwekewe kichujio, magamba ya mgebuka yaishie pale. Mafuta ya karai yapoe, yaingie dumu. Hayo ya dumu ndiyo ndugu yetu wa Ujiji anaweza kuyapikia sabuni, siyo haya ya chemba.

MsafiWaUjiji

Hapo nimekuelewa fundi. Dada, dumu likijaa nitafute, nitalinunua. Lakini hizo ndoo saba umezipeleka wapi?

MamaSombe_Mwanga

Ndiyo swali linaloninyima usingizi. Zipo nyuma ya jiko, nimezifunika. Mfugaji nimemwambia wazi hizi asipewe mnyama. Mtaroni sipeleki, mtaro huu unateremka mpaka ziwani na mimi ndiye ninayepika samaki wa huko. Nimemuuliza bwana afya, amesema atanipa jibu.

Mama_wa_Bangwe

Changanya na pumba za mbao kavu zifyonze, iwe taka ngumu, gari la taka lichukue. Mimi nafanya hivyo.

FundiMabomba_KG

Pumba zinasaidia kukausha, ila usizikabidhi kwa gari kabla bwana afya hajakubali. Bado kuna shimo, dada. Ukuta wake ukishapakwa mafuta, kulipumzisha peke yake sidhani kama kutatosha. Wengine wanasema linapona baada ya miezi, mimi sijaona likipona. Huenda mkachimba jipya.

MamaSombe_Mwanga

Mwenye nyumba anasema shimo jipya nilipe mimi. Mimi nasema walipe waliovunja tii. Mzee anasema yeye hajali nani analipa, anataka kuoga.

Nimempa ufunguo wa bafu la nyuma ya mgahawa, maji yake yanaenda shimo jingine. Tii iliyovunjika nimeiweka kwenye mfuko. Wale vijana wamekubali kuja Jumatatu saa mbili, kabla sijafungua. Safari hii nitasimama juu ya chemba na ule mti, na hela nyingine haitoki mpaka kitambaa kitoke cheupe.