Drafti ya benki imepotea posta: waliopitia, tupeane uzoefu

Nasra_M: Shangazi alituma drafti ya ada ya mwanawe kwa posta. Chuo hakijaona kitu, posta wanasema bahasha haionekani. Waliopatwa na hili, mlianzia wapi?

Kibopa: Aandike barua asimamishe malipo, yaishe. Cheki yangu iliibwa, nikawapa namba ya cheki, namba ya akaunti, tarehe, kiasi na jina la mlipwaji. Wakaizuia siku hiyohiyo.

Bi Mkubwa: Kibopa, hiyo ilikuwa cheki yako, pesa ilikuwa bado kwenye akaunti yako. Drafti benki ilishakata pesa siku ilipoitoa, na anayeahidi kulipa ni benki yenyewe. Haizuiwi kwa neno la mteja peke yake.

Yangu ilikuwa ya kulipia kiwanja. Nilikwenda tawi lililoitoa nikiwa na stakabadhi na nakala ya fomu ya maombi, maana humo ndimo ilimoandikwa namba ya drafti. Karani akaangalia kwanza kama imeshalipwa. Ingekuwa imelipwa, tungehamia kwenye kesi ya wizi. Haikuwa imelipwa. Wakataka taarifa ya upotevu ya polisi, kisha ikaja karatasi iliyonitoa jasho: hati ya kinga. Ukiisaini, unakubali kwamba ile ya zamani ikizuka na benki ikalazimika kuilipa, utairudishia benki hasara yote. Tena nilete mdhamini. Kaka yangu akaisoma, akairudisha mezani bila kusaini. Nililia palepale kwenye benchi, watu wanapita. Shemeji ndiye aliyekuja kusaini, nikapewa mpya.

Tatu: Pole sana dada. Hata sisi walitudai mdhamini.

Jabali: Wizi mtupu! Pesa yako, halafu wakudai dhamana?

Bi Mkubwa: Jabali, karatasi ya kwanza bado iko mtaani. Akiileta mtu aliyeipokea kihalali, benki italipa mara mbili. Hasara hiyo aibebe nani?

Jabali: Waibebe wao, wana pesa.

Mzee Saidi: Mimi nilikuwa mpokeaji. Cheki ya mafao ilipotea njiani, nikakimbilia benki yangu. Wakanieleza mimi sina mamlaka ya kuisimamisha, ni aliyeiandika. Nasra, shangazi asikitume chuo benki, aende mwenyewe.

Kibopa: Na bahasha ikionekana baadaye, aiweke tu akaunti ya chuo.

Bi Mkubwa: Hapana! Akishapewa mpya, ile ya zamani airudishe benki. Ikilipwa nayo, hati ya kinga inamgeukia yeye.

Nasra_M: Asanteni. Drafti ina mistari miwili na maneno ya kulipwa kwenye akaunti ya chuo tu. Hapo mdhamini bado atadaiwa?

Bi Mkubwa: Mistari hiyo inamsumbua mwizi, haichukuliwi taslimu kaunta. Mdhamini hutegemea utaratibu wa benki yenyewe.

Tatu: Yetu ilikuwa na mistari pia na walitudai mdhamini. Aulize kama wanakubali aweke amana badala yake.