Zamu yangu ya kitabu imefika katika Libby, lakini kadi ya maktaba imekataliwa

Msomaji wa Kondele: Wadau, nawasalimu kutoka Kisumu. Nilipokuwa nikisoma Ontario, Kanada, nilipewa kadi ya maktaba ya mji nilioishi, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiazima vitabu vya sauti kwa simu, kupitia programu ya Libby, bila shida. Jumatatu jioni nilipata taarifa kwamba kitabu nilichokuwa nikikingoja kwenye foleni kimenifikia, ila nilipobonyeza kukiazima, niliambiwa kadi yangu haikubaliki. Kitabu kingine nilichokwisha kupakua bado kinasikika. Je, nafasi yangu itapotea?

Fundi wa Mtaani: Futa programu, uisakinishe upya, kisha uingize kadi tena. Hakikisha pia namba ya siri haijabadilishwa.

Mkutubi Mstaafu: Suala la namba ya siri ni la kweli, lakini tafadhali usifute chochote. Libby haiamui uhalali wa kadi, bali huiuliza maktaba iliyoitoa, na kadi iliyokwisha muda itakataliwa hata ukisakinisha programu mara kumi. Isitoshe, utakipoteza hicho kitabu unachokisikiliza sasa, ambacho kinabaki kwa sababu kilishaazimwa na muda wake haujaisha. Kuhusu zamu, una siku 3 tangu taarifa ifike, yaani hadi Alhamisi jioni. Jaribu kubonyeza `Deliver Later`, ambayo humpisha anayefuata huku wewe ukibaki mbele ya foleni, ingawa sina hakika kama itakubali kadi ikiwa katika hali hiyo. Usipofanya lolote, kwa mara ya kwanza ombi lako husimamishwa kwa siku 7. Ukipitwa tena, hufutwa.

Mama wa Nakuru: Mimi kadi yangu ni nzima, tatizo ni foleni yenyewe. Kitabu cha kielektroniki kinaishaje, jamani?

Mkutubi Mstaafu: Dada, mara nyingi maktaba hununua leseni ya nakala moja kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenzako akiwa nacho, wewe husubiri. Msomaji wa Kondele, piga simu maktaba. Saa tatu asubuhi kwao, wakati huu wa kiangazi chao, ni saa kumi jioni kwetu. Wakihuisha kadi ileile, maombi yako yatabaki palepale. Wakikupa namba mpya, waombe wayahamishie huko, kwa maana yamefungwa kwenye kadi wala si kwenye simu.

Msomaji wa Kondele: Nimewapata. Kadi imekwisha muda kweli, na wanataka uthibitisho wa makazi, ambao sina. `Deliver Later` imekubali. Wamenieleza kwamba wasioishi pale huweza kulipia kadi kwa mwaka, lakini hawajanijibu kama hiyo hufungua vitabu vya sauti.

Fundi wa Mtaani: Waulize hilo kabla hujalipa, na uulize kama namba itakuwa ileile.