Chaneli ya Msikiti – TIMU 🕌

*Jumapili*

19:42 Zuhura: Assalaam alaykum wote. Ijumaa tunarusha klipu ya twahara. Naandika hapa nani afanye nini, kila mtu asome, kesho asije akasema hakuona. Mimi naandika rasimu. Maalim Hamadi anapitia dalili. Akishapitisha, Rukia anasoma mbele ya simu. Yusufu anakata. Maalim anatazama TENA kilichokatwa. Ndipo Salim anaweka kwenye chaneli. Hakuna kuruka ngazi.

19:44 Yusufu: Waalaykum salaam. Maalim mara mbili ya nini? Si keshaisoma skripti? Mimi siongezi neno.

19:45 Zuhura: Huongezi, unapunguza. Unajua vizuri ninachosema.

19:45 Yusufu: Haya, tumeanza.

19:51 Bi Saumu: Waalaykum salaam wanangu. Hivi ile ya maulidi ya mjukuu wangu itatoka lini? Nilimpa Salim kwenye memori kadi.

19:52 Zuhura: Shikamoo Bi Saumu. Hiyo tutaizungumza, tumalize hili kwanza.

19:53 Bi Saumu: Marahaba. Basi nirudishiwe kadi, ina picha za harusi.

20:05 Zuhura: Rasimu hii hapa, nimeipa jina usafi_rasimu1. Safu mbili: kushoto maneno, kulia dalili yake. Pakiwa patupu kulia, ujue ni maneno yangu mwenyewe. Inaanza hivi: "Mtume (s.a.w.) amesema: Usafi ni nusu ya imani." Kulia nimeandika Bukhari na Muslim.

20:40 Maalim Hamadi: Waalaykum salaam warahmatullah. Nimeisoma. Hadithi ipo, imepokewa na Abu Malik al-Ash'ari na ameitoa Muslim. Bukhari hakuitoa, jina lake liondoke. Halafu neno lililomo ni twuhuur, yaani kujitwaharisha. Ukiandika usafi, msikilizaji atafikiri kufagia uwanja.

20:42 Yusufu: Maalim, kwani ile ya "usafi ni katika imani" si ndiyo hiyohiyo? Chuoni kwetu iliandikwa ukutani kwa rangi ya kijani.

20:47 Maalim Hamadi: Siyo hiyo. Ile ya ukutani, kwa lafudhi ile, haijathibiti kwa Mtume (s.a.w.). Maana yake njema, na mtu anaweza kuisema kama maneno mema tu. Shida ni kuitangulizia "Mtume amesema". Zuhura, safu yako ya kulia ndiyo kazi yangu yote. Usiniandikie jina la kitabu tu, niandikie na mpokezi, nipate pa kwenda kutafuta.

20:49 Yusufu: Kumbe miaka yote ile ukuta ulikuwa unanidanganya 😄

20:50 Omari (Muscat): Ukuta haukukudanganya, ulikufundisha kushika ufagio 😂

20:50 Yusufu: Na ufagio sikushika

20:51 Omari (Muscat): Mama yako shahidi 😂😂

20:52 Zuhura: Jamani! Nimeshabadilisha. usafi_rasimu2: "Mtume (s.a.w.) amesema: Twahara ni nusu ya imani." Kulia: Muslim, kutoka kwa Abu Malik al-Ash'ari. Maalim tia dole tuendelee.

21:03 Maalim Hamadi: Dole sitii.

21:03 Zuhura: Kuna kosa jingine?

21:09 Maalim Hamadi: Rasimu sina neno nayo. Dole ndilo silitii. Mwaka jana nilitia dole kwenye ile ya janaba. Maana yangu ilikuwa nimeiona imefika, nikitoka msibani nitaisikiliza. Nilipotoka msibani nikaikuta iko hewani.

21:11 Yusufu: Maalim, hilo si tulishasameheana?

21:12 Maalim Hamadi: Tumesameheana. Dole sitii.

21:20 Rukia: Na mimi leo niseme. Mlisameheana nyinyi msikitini, niliyekaa barazani kuulizwa ni mimi kwa sababu sauti ni yangu. Nilisoma hivi: "Mwenye janaba, akikosa maji au akichelea madhara kwa ugonjwa, atatayamamu na kuswali." Kilichotoka kikawa: "Mwenye janaba atatayamamu na kuswali." Kuna mama ana bomba ndani ya nyumba, akaja kuniambia alhamdulillah mmeturahisishia, siku hizi za baridi haogi. Nikamuuliza nani kakwambia? Ananiambia wewe.

21:24 Yusufu: Rukia, ulikohoa pale katikati. Nilikata kikohozi. Sharti likaenda nacho. Sikuona kwa sababu sentensi ilibaki imenyooka, ingekatika vibaya ningejua.

21:26 Maalim Hamadi: Hapo umesema kweli Yusufu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Sentensi iliyoharibika kila mtu anaisikia. Iliyokatwa sharti inasikika vizuri kuliko hata ya mwanzo. Aya mbili za tayamamu, An-Nisaa 43 na Al-Maida 6, zote zimetaja "na msipate maji". Sisi tuliliondoa tupate sekunde 60.

21:28 Zuhura: Ndiyo maana nimesema atazame mara mbili. Skripti ilikuwa sahihi tangu mwanzo! Na ilipogundulika hatukuweza kuweka nyingine juu yake, YouTube haibadilishi video kwenye kiungo kilekile, ni kufuta na kupandisha upya. Waliokwishaidaunilodi wakaiweka stetasi wanayo mpaka leo.

21:29 Omari (Muscat): Kuna mtu huku alinitumia mwezi wa Shaabani 🙈

21:37 Maalim Hamadi: Basi tufanye hivi. Nikipitisha nitaandika kwa maneno "Nimepitisha" na namba ya rasimu. Likibadilika neno moja, namba ibadilike, na ile idhini ya kwanza imekufa. Tena Zuhura, kwenye skripti maneno ya sharti yapake rangi nyekundu: akikosa, isipokuwa, ila, kama, kwa mwenye udhuru. Yusufu akifika penye nyekundu asikate ndani ya sentensi hiyo. Ama aiache nzima, ama aitoe nzima.

21:38 Yusufu: Hiyo naiweza. Na akikohoa kwenye nyekundu?

21:38 Maalim Hamadi: Anarudia kusoma.

21:39 Rukia: Narudia hata mara kumi.

21:41 Maalim Hamadi: Nimepitisha usafi_rasimu2.

21:41 Zuhura: Allahu akbar! Shukran Maalim. Kwa hiyo ratiba: kesho naweka nyekundu, Jumanne Rukia anasoma, Jumatano Yusufu anatuma iliyokatwa. Na asiyejibu mpaka Alhamisi saa 2 usiku tutahesabu amekubali, maana hapa watu 14 wanaoongea ni sisi watano.

21:43 Omari (Muscat): Ni sahihi kisheria. Kimya cha mwari ni idhini 😂

21:44 Yusufu: Maalim anaozeshwa klipu 😂😂

21:44 Omari (Muscat): Mahari nani anatoa?

21:45 Bi Saumu: Nani anaoa?

21:46 Zuhura: Hakuna anayeoa Bi Saumu. Omari hebu acha.

21:47 Maalim Hamadi: Ile ni ya posa, na ina masharti yake pia. Jumatano nasafiri kwenda Pemba. Mtandao nitakaokuta siujui.

21:47 Zuhura: Sasa Maalim unasema leo?? Ijumaa imeshatangazwa!

21:48 Zuhura: Samahani Maalim. Lakini ndiyo nasema tuwe na muda wa mwisho. Tukisubiri kila mtu hatutarusha kitu. Yusufu ataweka kiungo, ukishindwa kufungua tunahesabu sawa.

21:49 Maalim Hamadi: Kiungo cha mara ile kilinikatalia.

21:50 Yusufu: Kilikuwa Private, kinafunguka kwa barua pepe iliyoalikwa tu. Safari hii nitakutumia faili lenyewe hapa WhatsApp.

22:06 Mzee Kombo: Assalaam alaykum. Nimesomewa na mjukuu yote mliyoandika. Mtume (s.a.w.) amesema: Atakayenizulia uongo kwa kusudi, na ajiandalie makazi yake Motoni. Hiyo Zuhura unaweza kuandika Bukhari na Muslim, wote wawili wameitoa. Kimya cha Hamadi msikifanye ulimi wake. Asipoitazama, Ijumaa ipite bila klipu. Msikiti huu umekaa miaka mingi bila chaneli na watu wameswali.

22:15 Zuhura: Waalaykum salaam Babu. Shikamoo. Tumesikia.

22:15 Yusufu: Shikamoo Babu. Sawa.

22:16 Omari (Muscat): Nisamehe Babu kwa mzaha.

22:31 Zuhura: Basi ule muda wa mwisho nimeufuta. Bila "Nimepitisha" ya pili haitoki. Lakini naomba tupate wa kumshika mkono Maalim akiwa safarini. Tukimngoja mtu mmoja kila safari, Rukia atakuwa anasoma bure.

22:34 Maalim Hamadi: Mtazameni Ustadha Mwanahamisi wa madrasa ya akina mama. Fiqhi ya twahara amesomesha zaidi yangu. Hedhi na nifasi kwanza zilipaswa kupita kwake tangu mwanzo.

22:35 Rukia: Naunga mkono. Maswali ninayoulizwa mimi barazani siwezi kuja kumuuliza Maalim.

22:37 Zuhura: Simkatai. Ila hayumo kwenye grupu, na simu yake ni ya vitufe.

22:38 Rukia: Nitampelekea simu yangu aitazame. Nyumba ya tatu tu.

22:40 Zuhura: Tuone. Kamati iseme kwanza.

22:44 Yusufu: Jingine. Picha ya mbele nimetengeneza hii, nimeiandika NUSU YA IMANI YAKO IKO WAPI? Ipite?

22:46 Maalim Hamadi: Hayo nayo ni maneno, na wengine watayasoma hayo tu wasifungue. Mwite msomaji, usimtuhumu. Andika Twahara ni nusu ya imani, inatosha. Kichwa na picha vije pamoja na klipu, nivitazame siku hiyohiyo.

22:47 Zuhura: Na ufunguo abaki nao Salim peke yake. Yusufu wewe ni Editor, huwezi kurusha hata ukitaka, kwa hiyo hapo tuko salama.

22:49 Yusufu: Dada Zuhura, Editor anarusha. Asichoweza ni kuongeza na kuondoa watu. Ile ya janaba niliirusha mimi, si Salim. Nasema tu msidhani mtambo utanizuia.

22:50 Zuhura: Eh.

22:51 Yusufu: Sitarusha. Nitaipandisha Private, Salim ndiye aipe saa. Lakini Owner ni barua pepe ya Salim binafsi. Simu yake ikiibwa, chaneli hatuna.

22:52 Zuhura: @Salim

22:52 Zuhura: @Salim uko? Tunataka barua pepe ya msikiti iwe Owner, yako ibaki Manager. Nani ashike nywila, imamu au kamati?

22:58 Bi Saumu: Salim na kadi yangu.

*Jumatatu*

05:48 Mzee Kombo: Nywila asishike mtu mmoja.

06:20 Zuhura: Sawa Babu. @Salim tafadhali.

13:35 Zuhura: Nyekundu nimeweka. Nikaona sehemu moja Rukia ataikosa pumzi nikaondoa neno "pia". Iko usafi_rasimu3. Ni neno moja tu Maalim, halina sharti.

13:36 Rukia: Zuhura. Namba imebadilika.

13:36 Zuhura: Najua. Namsubiri.

23:14 Salim: Assalaam alaykum, nilikuwa lindo, simu haikuwa na chaji. Nimesoma haraka haraka. Ya Ijumaa ni ipi, 2 au 3? Bi Saumu kadi ipo dukani.