Wenye chaneli Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu: wafuatiliaji wenu bado wanaziona video mpya?

Wadau, chaneli yangu ni ya korosho, niko Newala. Video ya ubwiriunga na kupuliza salfa imetazamwa mara 2,400, ila zilizotoka kwenye notifikesheni ni 70 tu. Nina wafuatiliaji elfu sita na ushee. Wenzangu mnaonaje kwenu?

Mdau_Masasi: Pole mkuu, wafuatiliaji wako wamelala. Mtu akikufuata halafu notifikesheni isimfikie, huyo umeshampoteza. Waambie wabonyeze kengele mwanzo wa kila video.

Dada_Mikindani: Kengele ni kweli, ila hapo kwenye kumpoteza sikubali. Anayebonyeza "jiandikishe" tu hupata arifa chache ambazo YouTube yenyewe inamchagulia. Anayetaka zote lazima aguse kengele achague All, na simu yake pia iwe imeruhusu. Wa hivyo huwa wachache kwenye chaneli yoyote. Kaka wa Newala, fungua Analytics, nenda Advanced mode, chuja kwa Subscription status ubakize Subscribed, kisha angalia Traffic source. Ukibofya Browse features itatenganisha Home na Subscriptions.

Mkorosho_Newala (mwanzisha mada): Nimerudi. Waliojiandikisha wameitazama mara 520. Home 380, notifikesheni 70, ukurasa wa Subscriptions 45, zilizobaki ni za kutafuta. Kabla ya kuchuja, Home nzima ilikuwa 1,210.

Dada_Mikindani: Basi wanakuona, wanakukuta Home. Na hizo 830 nyingine za Home ni za wageni, ndiyo maana jumla ya Home peke yake haikwambii kitu kuhusu wafuatiliaji. Mimi ningehofu kama 380 ingeshuka video baada ya video huku za wageni zikipanda.

Mzee_wa_Kilwa: Mimi simu yangu hainiletei arifa hata za mwanangu aliyeko Dar. Ni mtandao au bando?

Dada_Mikindani: Shikamoo mzee. Hilo angalia mipangilio ya simu kwanza, sisi tunazungumzia upande wa mwenye chaneli.

Ngoma_za_Lindi: Kwangu notifikesheni ilikuwa sifuri kabisa. Kijana anayenipakia video alikuwa ameondoa tiki kwenye Publish to subscriptions feed and notify subscribers. Ukiona sifuri pande zote mbili, notifikesheni na Subscriptions, anzia hapo.

Bibi_Hadithi_Nachingwea: Zangu za watoto nimeziwekea alama ya made for kids, arifa haziendi hata kidogo. Home ndiyo inanibeba.

Mdau_Masasi: Haya, na wale wanaofungua linki kwenye WhatsApp? Kundi letu la AMCOS wote wamenifuata, lakini nikichuja wanatokea Not subscribed.

Dada_Mikindani: Asiyeingia kwenye akaunti yake anahesabiwa mgeni. Kwa hiyo hiyo 520 ni pungufu, pungufu kwa kiasi gani hakuna pa kuionea.

Mkorosho_Newala: Nachuja na za msimu uliopita, nitazileta hapa.