Mtoto anataka kumwandikia shangazi yake barua. Niandike kama anavyosema au ninyooshe?

mama_kinyerezi
Habari zenu jamani. Jumamosi tunatuma mzigo kwa basi kwenda Songea kwa wifi yangu. Binti yangu wa miaka minne na nusu kaona tunafunga boksi, na yeye anataka kumwandikia shangazi yake. Kuandika hajui, ana herufi mbili tatu tu za jina lake. Nikakaa naye mezani, yeye anasema, mimi naandika. Alisema hivi:

"Sangazi. Kuku imetaga kwenye viatu ya baba. Mimi nimeona. Kuja uone. Usije na sindano."

Shangazi yake ni nesi, ndiyo maana ya sindano. Sasa bibi yake alikuwa pembeni, akasema hiyo si barua, haina hata shikamoo. Akaanza kunitajia: "Shikamoo shangazi, natumaini u mzima wa afya, sisi huku hatujambo." Mtoto kusikia hivyo akashuka kwenye kiti, akaenda zake kucheza. Natamani wifi apate maneno ya mtoto mwenyewe, lakini sitaki pia aone tumemlea bila adabu. Mnashauri nini?

BabaPacha
Kwani simu hamna? Mrekodie sauti, tuma WhatsApp, imeisha hiyo.

mama_kinyerezi
Simu ipo kaka, na sauti huwa tunatuma. Safari hii anataka karatasi iingie kwenye boksi, shangazi aishike mkononi.

mzee_wa_korosho
Andika kila kitu kama kilivyotoka, hata hiyo "sangazi". Ukianza kugusa kimoja utagusa vyote, mwisho barua inakuwa yako. Bibi mwambie asubiri aandike ya kwake.

mwalimu_awali
Dada, nimefundisha darasa la awali miaka mingi na kazi hii ya kuandikia watoto nimeifanya sana. Mzee wa korosho namuunga mkono kwenye maneno, kwenye "sangazi" namkatalia.

Mtoto wa umri huo ulimi wake haujafika kwenye "sh", lakini sikio lake limeshafika. Jaribu leo, mwambie, "Tunamwandikia sangazi, eti?" Utaona atakavyokukatalia: "Siyo sangazi, SANGAZI!" Yeye kichwani anasema shangazi. Ukiandika "sangazi" unakuwa umeandika meno na ulimi wake, siyo neno lake. Kwa hiyo matamshi andika kwa tahajia ya kawaida.

"Kuku imetaga", "viatu ya baba" na "kuja uone" ni habari nyingine. Hiyo ndiyo sentensi aliyoijenga, iache. Usiogope kwamba atakwama hapo. Kiswahili chake kitanyooka kwa kuwasikia mnavyoongea nyumbani, na ukitaka kumsaidia, jibu kwa mdomo, "Eeh, kuku ametaga kwenye viatu vya baba!" Kwenye karatasi usiguse.

Sababu yenyewe utaiona ukimsomea. Maliza kuandika, kisha soma ukipitisha kidole chini ya kila neno, polepole. Mtoto anakumbuka alichosema, kwa hiyo mara ya pili atasoma na wewe kabla hata hajajua herufi. Kidole kikifika kwenye "viatu", mdomo wake unasema "viatu". Hapo ndipo anapogundua kwamba yale makaratasi ya watu wazima ni maneno ya mtu yaliyokaa. Sasa kama uliandika "ametaga" na yeye anasema "imetaga", mnagongana, anakutazama, anaona ile barua si yake. Ukimwona ananyamaza katikati ya kusomewa, rudi utazame ulibadilisha nini.

Jingine ni mwendo. Wao wanasema haraka kuliko kalamu. Taja kila neno unapoliandika, "ku-ku... i-me-ta-ga", naye ajue kwamba anatakiwa kukungoja. Akikimbia mbele mwambie, "Subiri, sijamaliza viatu." Watoto wanapenda sana kumsubirisha mtu mzima namna hiyo. Na usimtafutie sentensi. Ukimwambia "mwambie shangazi unampenda", atasema ndiyo, utaandika, na hiyo itakuwa sentensi yako. Muulize, "Unataka shangazi ajue nini?" halafu nyamaza. Kimya hicho kinaweza kurefuka mpaka ukatamani kukijaza. Usikijaze.

Sentensi tano alizosema zinatosha kabisa. Achia nusu ya karatasi achore, na zile herufi zake za jina aandike mwenyewe.

mama_kinyerezi
Ahsante sana mwalimu. Na shikamoo je? Bibi yake hapo haafiki kabisa.

mwalimu_awali
Shikamoo usimwekee mdomoni. Muulize, "Shangazi akibisha hodi sasa hivi, wewe utamwambiaje?" Kama nyumbani mnamfundisha kuamkia, atasema mwenyewe, na hapo unaiandika juu kabisa. Akisema kitu kingine, andika hicho.

mjukuu_wa_tanga
Mwalimu nakuheshimu lakini hapa tutofautiane. Kwetu mtoto hachagui kama ataamkia au hataamkia. Anaambiwa, "Mwamkie shangazi," anaamkia. Mbona mlangoni tunamwambia na hatusemi tumemharibia maneno yake? Karatasi ni mlango vilevile. Mimi ningeweka shikamoo juu, chini yake ndiyo yafuate maneno yake yote bila kuguswa.

mwalimu_awali
Hoja yako naiona. Mlangoni lakini shikamoo anaitamka yeye, wewe umemkumbusha tu. Kwa hiyo mkumbushe, na asipoitamka usiiandike kwa jina lake. Mama anaweza kuandika chini, kwa mwandiko wake na jina lake: "Wifi, anakuamkia, ni mimi nimeandika, maneno ni yake." Heshima imefika.

mjukuu_wa_tanga
Bado sijakubali, ila hiyo ya kuandika chini ni nzuri.

Zuwena_Maskati
Mimi wangu ana miaka mitano, tupo Maskati, shangazi yake yuko Unguja. Akisema anachanganya. Majuzi kasema, "Shangazi, taali kwetu." Niliandika "taali" kama alivyosema, na pembeni sikuweka chochote. Shangazi yake hajui Kiarabu, hakujua kwamba ni "njoo", akanipigia simu kuuliza. Kumjibu nikampa mtoto mwenyewe, wakaongea mpaka chaji ikaisha.

mzee_wa_korosho
Na hiyo sindano inabaki? Mtu anaweza kukasirika, aone hatakiwi.

mwalimu_awali
Kama ingekuwa siri ya nyumbani, tuseme "baba na mama wamegombana", ningemwambia mtoto, "Hilo tusiliandike, tuandike lingine," nikaruka sentensi nzima. Kuruka naweza, kwa kumwambia. Kuigeuza ikawa "karibu sana shangazi" siwezi. Ila ya sindano sioni ubaya. Kabla hujaamua, muulize kwa nini asije nayo.

mama_kinyerezi
Nimerudi jamani. Jana jioni tumekaa tena, bibi akiwa jikoni. Nikamuuliza shangazi akibisha hodi atamwambiaje. Akasema, "Nani huyo?" Nikaandika. Halafu mwenyewe akaongeza, "Sikamoo sangazi," na hiyo nimeandika kwa "sh". Ya sindano nikamuuliza sababu, akasema, "Sindano ilale kazini. Yeye alale na mimi." Nimeandika zote mbili.

Nilipomsomea alinisimamisha kwenye "mimi nimeona". Anasema siyo, aliona yeye na paka. Nikataka kuchukua karatasi safi akakataa, tukakata kwa mstari na kuandika juu yake "mimi na paka tumeona". Kachora yai kubwa kuliko kiatu. Bibi kasomewa, kauliza "nani huyo" inafanya nini kwenye barua, na kusema kweli hajaridhika. Kasema ataandika ya kwake.

BabaPacha
Sasa na mimi nimepata hamu. Wangu ni pacha, mmoja anasema sana na mwingine ananyamaza. Wakikaa pamoja, barua yote inakuwa ya yule msemaji. Nifanyeje?

mwalimu_awali
Karatasi mbili, muda tofauti, na anza na yule mnyamavu wakati mwenzake yuko nje. Akisema neno moja tu, andika hilo moja.